Vitana Mia Sita

Mimi mtu akinikosea simsahau. Wenzangu kanisani wanasema hiyo ni dhambi, na huenda ni kweli, lakini ndivyo nilivyo na sijaanza leo. Fadul aliniita mwizi siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, mbele ya watu ishirini na mmoja, akiwa ameshika kikombe cha chai ambayo nilikuwa nimemmiminia mwenyewe. Chai aliimaliza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Ushirika wetu ni wa mafundi wa mifupa. Tuna karakana mbili, moja Lindi, hapa Kibera, na nyingine Kawangware. Tunachukua mifupa ya ng'ombe kwa wachinjaji, tunaichemsha mpaka mafuta yatoke, tunaikata, tunaichonga iwe vijiko, vifungo, hereni na vishikio vya visu. Nikisema "tunachonga" najipendekeza tu, kwa sababu mimi sijawahi kuchonga hata pete. Kazi yangu ni tovuti. Nakaa kwenye meza ya kona, laptopu nimeifunika karatasi ya nailoni, maana vumbi la mfupa halichagui pa kuingia. Jioni nikipiga mswaki naliona likitoka kwenye meno.

Ndani ya tovuti hiyo niliweka dashibodi. Mnunuzi akijaza fomu na kuchagua karakana anayoitaka, ndani ya dakika moja oda yake inatokea pale: kitu gani, vingapi, vipimo gani, nani anataka na namba yake ya simu. Mildred, mwenyekiti wetu, humpigia mnunuzi kuhakikisha, kisha anaweka alama, na hapo ndipo fundi anagusa msumeno. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba Lindi waone oda za Lindi tu, na Kawangware za Kawangware. Mafundi ni ndugu mpaka mteja atokee.

Sasa ndani ya miezi miwili tukapoteza wateja watatu. Mwenye hoteli mmoja wa Naivasha aliagiza vijiko kwetu asubuhi. Mildred alipompigia mchana, yule mtu alishangaa. Alisema ameshaongea na fundi mwingine wa ushirika huohuo, anaitwa Muigai, na bei yake ni nafuu. Muigai ndiye mkuu wa karakana ya Kawangware. Mara ya pili ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Muigai alipoulizwa alisema wateja wanamtafuta wenyewe kwa sababu ya ubora. Alisema bila hata kukohoa.

Ndipo ikaitishwa ile Jumamosi. Niliwaeleza mambo taratibu. Dashibodi inakaa kwenye seva yake, nikasema, na tovuti yetu inaifungulia dirisha tu ndani ya ukurasa. Mtu akiingia kwa jina na nywila yake, seva ya tovuti inamwandikia kibali cha muda: huyu ni fulani, karakana yake ni Lindi. Kisha inakipiga kibali hicho muhuri kwa ufunguo wa siri ambao hautoki kwenye seva. Dashibodi inaangalia muhuri kwanza, ndipo ionyeshe kitu. Nikamsukumia Fadul laptopu, nikamwambia abadilishe herufi moja tu, yoyote ile, katika ule msururu mrefu wa kibali. Akabadilisha. Dashibodi ikakataa, ikaandika kwamba kibali si halali. Watu wakatikisa vichwa, nami nikajiona nimeshinda.

Fadul ni fundi mzuri, mtu wa Makina, babu yake alizaliwa Kibera kabla ya hizi nyumba zote. Anaongea polepole, na kila neno lake watu hulipokea kama hati. Akaweka kikombe chini.

"Kwa hivyo hakuna mtu anaweza kupita bila muhuri," akasema. "Na muhuri uko na nani, Nelima?"

Nikasema uko kwenye seva.

"Na seva iko na nani?"

Kila mtu alijua seva naishika mimi. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na ishirini na mmoja wale wakanigeukia mimi. Mildred, ambaye ni mwanamke wa haki lakini pia ni mwanamke wa kura, akanipa wiki mbili. Nikionyesha ni nani anayempa Muigai oda zetu, sawa. Nikishindwa, nakabidhi funguo zote, natoka kwenye ushirika, na jina langu litabaki hivyo lilivyo. Kibera jina likishaoza haliendi kuoshwa popote. Utaulizwa hata dukani ukiomba kukopeshwa sukari.

Nilirudi mezani kwangu. Nilimtaka Fadul. Nasema wazi, sikutaka ukweli, nilitaka ukweli uwe Fadul. Nilijiona nikisimama Jumamosi ile ya pili na kumwambia aweke kikombe chini.

Nikaanza na mimi mwenyewe. Dashibodi za namna hii zina kitufe cha kuzifanya za umma. Ukikiwasha, kinatoa anwani ambayo yeyote aliye nayo anaona kila kitu, awe ameingia kwenye tovuti yako au hajaingia. Wako watu wanaochukua anwani hiyo, wanaiweka ndani ya ukurasa wenye nywila, wanalala usingizi. Hawajafunga mlango, wametundika pazia. Nilikagua kitufe hicho mara tatu. Kilikuwa kimezimwa tangu siku ya kwanza. Nikafungua kumbukumbu za seva kuona Muigai amepewa vibali gani. Vyote vilikuwa vya Kawangware, hata kimoja hakikuwa cha Lindi.

Basi hakukuwa na aliyevunja kitu. Kulikuwa na mtu wa Lindi aliyeingia kwa mlango wake halali, akaona anachoruhusiwa kuona, kisha akaenda kumwambia Muigai. Kompyuta haiwezi kuzuia mdomo. Akaunti zenye ruhusa ya Lindi zilikuwa saba: mafundi watano, Fadul akiwa mmoja wao, Mildred, na ile niliyomfungulia mama yangu siku zile alipokuwa bado anatung'arishia. Yangu sikuihesabu, maana mimi naona kila kitu na najijua.

Mtego wenyewe ulinijia nikiwa naosha vyombo. Kibali kilikuwa kikisema karakana tu. Nikakiongezea neno la pili lililofungwa chini ya muhuri uleule: jina la akaunti. Kisha nikatengeneza oda saba za uongo, kila moja na jina la akaunti moja, nikaiambia dashibodi: mwonyeshe kila mtu oda zote za kweli za karakana yake, na juu yake ile moja ya uongo yenye jina lake. Mnunuzi alikuwa mmoja kwa wote, Katunge wa duka la zawadi, na namba ya simu ileile. Kilichotofautiana ni kitu. Fadul aliona vifungo. Mwingine aliona vijiko, mwingine bangili, mwingine pete, na kuendelea hivyo mpaka akaunti zote saba zikaisha. Nilikabidhi kazi ya kugawa kwa programu fupi, ikapita orodha nzima bila kumuonea mtu haya, nikaandika matokeo kwenye karatasi na kuikunja.

Kwa hiyo Muigai angepiga simu. Angetaja kitu. Na kitu hicho kingenitajia mtu.

Katunge ni rafiki yangu wa kweli, ana saluni Kawangware karibu na soko, na hajawahi kuuza zawadi maishani. Nilimwomba namba yake na mdomo wake. Alicheka mpaka mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele akauliza kuna nini. "Nelima, we ni mbaya," akasema, na nilifurahi kusikia hivyo. Dawa ya moto ni moto.

Jumanne nikaziweka oda, nikahamia saluni na laptopu yangu. Wa kwanza kupiga alikuwa Mildred, akihakikisha oda kama kawaida yake. Alitaja hereni, ndiyo oda yake. Katunge akamwambia kwa sauti ya kitajiri kwamba yuko safarini, wataongea wiki ijayo. Jumatano hakuna aliyepiga. Nilikaa pale nikinusa mafuta ya nywele na kumlaani Fadul kwa majina yote ninayoyajua. Alhamisi saa tisa alasiri simu ikalia. Katunge akaweka spika.

"Niaje madam. Ni Muigai hapa, fundi wa mifupa. Naskia unatafuta vitana."

Vitana. Nilikuwa nimejiandaa kusikia vifungo, mwili wote ulikuwa umekaa tayari kwa vifungo, na kwa sekunde kadhaa sikukumbuka vitana vilikuwa vya nani. Sikujali. Aliyekuwa mikononi mwangu wakati ule alikuwa Muigai, na nilimtaka yeye pia. Oda ilisema vitana mia mbili. Nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa: MIA SITA, SIKU NANE. Katunge akainua nyusi. Nikapigia mstari.

"Nilisema mia mbili, lakini nimepata soko," Katunge akamwambia. "Nataka mia sita, na nazitaka Ijumaa ya wiki ijayo. Utaweza ama niende kwa wale wa Kibera?"

"Wachana na wa Kibera," Muigai akasema. "Hao wako slow. Na zangu zinang'arishwa na mkono, si machine. Utaona tofauti."

Mia sita kwa siku nane maana yake unakata mfupa wako mzuri wote, ule mpana uliouhifadhi kwa kazi kubwa, na kila kitana kina meno ishirini na mawili. Nilimwona Muigai akiingia hasara mpaka masikioni. Simu ilipokatika nilimkumbatia Katunge, tukacheka kwa pamoja, na bado nikicheka nikaikunjua ile karatasi nione nimemnasa nani.

Mstari wa saba. Nabwire. Mama yangu.

Nilimwambia Katunge kwamba naumwa na kichwa.

Siku ya kwanza nilijiambia simu yake imeibiwa. Nikaangalia kumbukumbu: simu ileile ya kila siku, kila asubuhi baada ya saa kumi na mbili, na hakuna siku iliyorukwa. Nilikuwa nimeuona mstari huo tangu mwanzo nikaupita kwa sababu ni mama. Siku ya pili nilikasirika. Nilimkasirikia vile ninavyowakasirikia watu, kwa kukaa kimya na kupanga maneno. Mwanamke aliyenizaa ananiacha niitwe mwizi, na Jumapili ananipakulia ugali na kuniuliza mbona nimekonda. Siku ya tatu, Jumapili, nikaenda kwake Soweto West nikiwa na maneno yangu yote tayari.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye kigoda, beseni la maji miguuni, msasa mkononi. Kando yake palikuwa na magunia mawili. Sikuhitaji kuyafungua. Vitana vilikuwa vimepangwa juu ya khanga, kumikumi, vyeupe, vikikauka. Vidole vyake viwili vilikuwa vimefungwa kitambaa, na maji ya beseni yalikuwa na rangi.

"Karibu," akasema. "Usikanyage hizo. Kazi imekuja."

Nikamuuliza imetoka kwa nani, ingawa nilijua. Akasema kwa Muigai. Nikamuuliza kama ndiye anayempigia Muigai picha za skrini ya dashibodi yetu. Akasema ndiyo. Hakujikuna wala kuangalia pembeni; alisema kama mtu aliyeulizwa kama mvua imenyesha.

Hapo nikamwaga. Nilimwambia alivyoniaibisha, nilivyosimamishwa mbele ya watu, na Jumamosi inakuja. Nilimwambia nilimwamini. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akisugua meno ya kitana kimoja, na alipokiweka chini akachukua kingine.

Ili uelewe alichonijibu, lazima niseme jambo ambalo nimelikwepa. Mama alikuwa kiongozi wa wang'arishaji wetu, wanawake wanne waliokuwa wakipelekewa kazi nyumbani. Nilimfungulia akaunti ili ajue mapema ni vipande vingapi vinakuja, awagawie wenzake. Miezi saba iliyopita nilichora kwenye dashibodi hiyohiyo mchoro wa muda: kuchemsha siku moja, kukata na kuchonga siku moja, kung'arisha siku tatu. Nguzo mbili fupi za kijani na moja ndefu nyekundu. Kamati iliutazama ukutani kwa dakika tano, ikanunua mashine ya kung'arisha. Wanawake wanne wakaambiwa asanteni. Nilisifiwa sana siku hiyo. Kwa Mama nilipeleka sukari na unga, nikasema atapumzika sasa.

"Ile nyekundu ilikuwa mimi," akasema. "Nelima, ile laini ndefu. Fadul alinionyesha kwa simu yake, akicheka. Akaniambia mtoto wako amekuchora."

"Mama, haikuwa wewe. Ilikuwa kazi."

"Mimi na kazi tofauti ni gani? Nimeng'arisha miaka kumi na tisa. Hiyo shule ya kompyuta ulienda na vidole vya nani?" Akaviinua nivione, vile vya kitambaa na visivyo na kitambaa. "Mlinifungia kazi. Kila asubuhi nafungua simu, naona zinaingia. Vijiko. Hereni. Kazi yangu, inapita hapo, inaenda kwa machine. Mlisahau kunifungia macho. Nikasema sawa. Kama sitapata, na nyinyi hamtapata."

Nikamuuliza kama alijua kwamba mimi ndiye nitakayelaumiwa.

"Nilijua," akasema. "Nilitaka ujue vile inakaa."

Nimeshaudhiwa na watu wengi, lakini sikuwahi kukutana na mtu aliyekaa na chuki yake vizuri hivyo, akaipikia na kuipakulia ugali. Niliiona, na niliijua. Nilijua nimeitoa wapi yangu. Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia, na kwa kuwa sikuweza hata kimoja nikamwambia ukweli kwa ubaya. Nikamwambia hakuna Katunge wa duka la zawadi. Nikamwambia vitana mia sita ni mtego wangu, hakuna atakayevinunua, na Muigai hatamlipa mtu kazi isiyo na mwenyewe.

Msasa ukasimama. Mama aliangalia magunia, akaangalia khanga, akawa kama anayehesabu.

"Mia sita ni wewe ulisema?"

"Oda ilikuwa mia mbili. Mia sita ni mimi."

"Na siku nane?"

"Pia ni mimi."

Akainamisha kichwa. Kisha akachovya kitana majini na kuendelea kusugua. Nilimwomba aache. Nikamshika mkono, akautoa, si kwa nguvu, kama mtu anayeondoa nguo iliyonasa kwenye msumari. Akasema kazi haiachwi katikati. Nikakaa pale mpaka jua likapita ukuta wa jirani, naye bado anasugua.

Wiki ile yote nilibeba ile karatasi mfukoni. Ningeweza kusema ni akaunti iliyosahaulika bila kutaja ya nani. Ningeweza kusema nimeshindwa, niondoke na jina bovu. Nilijua pia kwamba nikitaja jina nitakuwa nimeokoka, na sehemu yangu moja, ile isiyosahau, ilikuwa bado inataka kutaja. Sijivunii. Nilifika mkutanoni Jumamosi bila kujua ni mdomo upi utafunguka.

Sikulazimika kuchagua. Mildred alikuwa ndiyo kwanza anaomba watu wanyamaze, Muigai ameketi nyuma kwa sababu mkutano ulikuwa wa karakana zote, Fadul na chai yake, wakati Mama alipoingia. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Kijana wa mkokoteni alimsaidia magunia mpaka mlangoni, kisha Mama akamaliza mwenyewe kuyaburuta. Hakumsalimu mtu. Akafungua la kwanza, akalimimina juu ya meza ya kamati, kisha la pili. Vitana vilimwagika vikavuka makaratasi ya Mildred, vikaanguka sakafuni, vikaingia chini ya viti. Vilikuwa vizuri. Mwanga wa mlangoni ulipita katikati ya meno. Hakuna mashine yetu iliyowahi kutoa kitu kama kile.

"Mia sita," akasema. "Kazi nilipewa na Muigai. Oda ni ya uongo, Nelima aliitengeneza kushika mwizi. Mwizi ni mimi. Nelima hajaonyesha mtu kitu, huyo ana kosa lingine, lakini si hilo."

Kisha akaeleza, kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa, na alipofika kwenye ule mchoro mwekundu akamtazama Fadul. Fadul aliangalia viatu vyake. Nimesubiri maisha yangu yote kumwona mtu akiangalia viatu vyake namna ile. Muigai alianza kusema vile yeye hakujua zilikuwa oda za nani, Mildred akamkata. Mfupa wake wote mzuri ulikuwa umeanguka chini ya viti vyetu, na tangu siku hiyo yeye hupewa oda kwa mdomo na Mildred, dashibodi haioni. Nilikuwa nimeshinda kila kitu nilichokuwa nimekitaka. Nilingoja furaha ije, nikangoja.

Mildred akaniambia nifunge ile akaunti, sasa hivi, kila mtu aone. Nikafungua laptopu. Nikaenda kwenye orodha, mstari wa saba, nikabonyeza. Akauliza kama imefungwa. Nikasema ndiyo, hatapewa kibali kingine. Fadul, ambaye hawezi kukaa na aibu muda mrefu, akaonyesha kwa kidole: Mama alikuwa ameshika simu yake, na dashibodi ilikuwa bado iko wazi pale.

Ikabidi nieleze. Kibali alichopewa alipofungua simu akiingia hapa mkutanoni kina dakika kumi, na seva ikishakipiga muhuri haikiiti tena. Kinaisha chenyewe. Kilibakiza kama dakika nne.

Kwa hiyo tulikaa, watu ishirini na kitu na vitana mia sita, tukingoja mama yangu aishiwe. Yeye alikuwa ameisogeza simu karibu na uso, maana macho yake si ya zamani. Dakika ya pili au ya tatu oda ikaingia. Akaisoma kwa sauti, kama alivyokuwa akiwasomea wenzake watatu zamani.

"Hereni. Jozi mia moja. Zing'arishwe sana."

Kisha skrini ikawa nyeupe na maandishi madogo kwamba hana ruhusa. Aliitazama kidogo, akaiweka simu ndani ya mkoba, akafunga zipu. Alipita karibu nami akienda mlangoni. Niliinuka, nikasema Mama. Hakusimama.

Mildred alipendekeza siku hiyohiyo kwamba kazi maalum irudishwe kwa mikono, na watu wote wakainua mikono, hata Fadul. Nilitumwa mimi kupeleka habari. Nilienda kesho yake, Jumapili, saa ya chakula, nikiwa na jozi chache za kwanza za zile hereni kwenye mfuko, na maneno ya kuomba msamaha ambayo hayakuwa yamepangwa. Mlango wa Mama ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilibisha.

"Nani?"

"Ni mimi, Mama."

Ndani kulikuwa na harufu ya mboga na sauti ya kijiko kikikwangua sufuria.

"Mimi nani?"

Nikasema Nelima. Kijiko kikaendelea kukwangua. Nikasema mtoto wako. Nikasema nimeleta kazi, ya mkono, kamati imekubali, na ule mchoro nimeufuta. Majirani walikuwa wametoka kuangalia. Nikabaki nimesimama pale na mfuko wangu wa mifupa, nikisikia mama yangu ndani akivuta kiti, akiketi, akianza kula.